Gharama sanifu: jinsi ya kuandika maingizo ya malighafi na kutenga tofauti ya bei na ya matumizi

Wengi wanaopeleka kukaguliwa hesabu za gharama sanifu, yaani gharama iliyopangwa kabla ya kazi kuanza, hukwama pale pale: tofauti ya bei wanaikokotoa kwa kilo zilizotumika kiwandani badala ya kilo zilizonunuliwa. Kikokotoo hakiwakatai, na jarida nalo linabalansi. Kosa hujitokeza mwisho wa mwezi, wakati salio la akaunti ya malighafi linapogoma kulingana na mzigo uliopo stoo, na hapo mtu huanza kutafuta kilo ambazo hazikupotea.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu. Tofauti ya bei inatengwa siku ya kununua, na tofauti ya matumizi inatengwa siku ya kutoa malighafi kwenda kiwandani. Ipo njia nyingine inayosubiri hadi malighafi itumike ndipo tofauti zote mbili zionekane, lakini ukizichanganya njia hizi ndani ya daftari moja hutapata jibu sahihi kwa yoyote kati yake.

## Unachohitaji kabla ya kuandika ingizo la kwanza

Weka mezani karatasi hizi: kadi ya gharama sanifu ya bidhaa, hati ya kupokelea mzigo, ankara ya muuzaji, hati ya kutolea malighafi, hati ya nyongeza, hati ya kurudisha stoo, na ripoti ya uzalishaji inayoonyesha bidhaa nzima zilizotoka.

Kwenye leja fungua akaunti hizi kama hazipo: Malighafi, Wadai, Kazi inayoendelea kiwandani, Tofauti ya bei ya malighafi, na Tofauti ya matumizi ya malighafi. Utahitaji pia Gharama ya bidhaa zilizouzwa, pamoja na akaunti ndogo ya Marekebisho ya malighafi, ambayo itatumika mwisho wa kipindi tu.

Soma kadi ya gharama sanifu vizuri kabla ya yote. Angalia bei sanifu imejumuisha nini. Kama nauli ya kusafirisha mzigo imo ndani ya bei sanifu, basi nauli halisi nayo inapaswa kuingia upande wa gharama halisi unapolinganisha. Kama haimo, iache nje pande zote mbili. Kodi ya ongezeko la thamani inayorudishwa haimo katika gharama ya malighafi, kwa hiyo isiingie kwenye tofauti. Angalia pia kama kiasi sanifu kimeshahesabu upotevu wa kawaida. Kwa kawaida huwa kimeshahesabu, na hilo litakuwa na uzito katika hatua ya nne.

## Mfano tutakaoufuata

Kiwanda kinatengeneza ndoo za plastiki. Kadi inasema kila ndoo nzima inahitaji kilo 0.8 za chembechembe za plastiki, upotevu wa kawaida ukiwa ndani yake, na bei sanifu ni 50 kwa kilo. Tarakimu zote za fedha nimeziacha bila sarafu. Weka ya kwako.

Mwezi huu mambo yamekwenda hivi:

- Mzigo wa kwanza: kilo 5,000 kwa bei ya 53.
- Mzigo wa pili: kilo 1,000 kwa bei ya 48.
- Amri ya kazi: ndoo 5,000.
- Stoo ilitoa kilo 4,000 kwa hati ya kawaida, kisha kilo 250 kwa hati ya nyongeza. Baadaye kiwanda kikarudisha kilo 50.
- Ndoo nzima zilizotoka ni 5,000, na zote zimeuzwa.

Mwanzo wa mwezi stoo ilikuwa tupu na hakukuwa na ndoo zilizokuwa nusu njia.

## Hatua ya 1: Kokotoa tofauti ya bei kwa kilo zilizopokelewa

Kanuni ni hii:

```
Tofauti ya bei = (Bei halisi - Bei sanifu) x Kilo zilizonunuliwa
```

Mzigo wa kwanza: (53 - 50) x 5,000 = 15,000. Tumelipa zaidi ya kiwango, kwa hiyo ni tofauti mbaya.

Mzigo wa pili: (48 - 50) x 1,000 = -2,000. Tumelipa pungufu, kwa hiyo ni tofauti nafuu.

Kwa nini kilo zilizonunuliwa? Kwa sababu ununuzi umekwisha kufanyika. Aliyekubali bei ya 53 aliikubali kwa kilo zote 5,000, ziwe zimeingia kwenye mashine au bado zimekaa kwenye rafu. Ukisubiri matumizi, habari ya bei mbaya itamfikia meneja wa manunuzi vipande vipande, labda baada ya kuagiza tena kwa muuzaji yule yule.

Faida ya pili iko stoo. Kila kilo ikiingia kwa 50, kadi za stoo zinaweza kutunza kilo peke yake. Hakuna haja ya kujiuliza kama kilo inayotoka leo ni ya mzigo wa 53 au wa 48.

## Hatua ya 2: Andika ingizo la ununuzi

Akaunti ya Malighafi inapokea bei sanifu. Wadai wanapokea kile tunachodaiwa hasa. Pengo kati ya hizo mbili ndilo tofauti ya bei.

Mzigo wa kwanza:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Malighafi (5,000 x 50) | 250,000 | |
| Tofauti ya bei ya malighafi | 15,000 | |
| Wadai (5,000 x 53) | | 265,000 |

Mzigo wa pili:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Malighafi (1,000 x 50) | 50,000 | |
| Wadai (1,000 x 48) | | 48,000 |
| Tofauti ya bei ya malighafi | | 2,000 |

Usikariri upande wa tofauti. Andika Malighafi kwanza, andika Wadai, kisha tazama ni upande gani umepungukiwa. Tofauti mbaya itaangukia debiti yenyewe kwa sababu inafanya kazi ya gharama ya ziada, na tofauti nafuu itaangukia krediti.

Onyo. Mara nyingi mzigo hutangulia na ankara huchelewa. Usiache mzigo ukae stoo bila kuingizwa, maana kiwanda kinaweza kuanza kuutumia na akaunti ya Malighafi ikaonyesha salio la krediti. Siku ya kupokea, debiti Malighafi 250,000 na krediti akaunti ya muda, Mzigo uliopokelewa bila ankara, kiasi hicho hicho. Ankara ikifika, debiti akaunti hiyo ya muda 250,000, debiti Tofauti ya bei 15,000, na krediti Wadai 265,000. Kama unafunga mwezi na ankara bado haijaja, tumia bei iliyo kwenye oda ya ununuzi kukadiria tofauti, ili hesabu za mwezi zisionekane nzuri kuliko zilivyo.

Utajua umefanikiwa ukigawanya debiti zote za Malighafi kwa bei sanifu na kupata kilo zilizo kwenye hati za kupokelea: 300,000 / 50 = 6,000. Ikitoka namba nyingine, huenda kuna mzigo umeuingiza kwa bei ya ankara.

## Hatua ya 3: Andika ingizo la kutoa malighafi

Kuanzia hapa bei halisi haina kazi tena. Sahau 53, sahau 48. Tofauti ya bei imeshatengwa, na ukiirudisha tena kwenye matumizi utaihesabu mara mbili.

Kanuni ya matumizi ni hii:

```
Tofauti ya matumizi = (Kilo zilizotumika - Kilo sanifu) x Bei sanifu
```

Ugumu hapa ni wa wakati. Kilo sanifu hutegemea bidhaa zilizotoka, lakini malighafi inatolewa kabla bidhaa hazijatoka. Viwanda vingi hutatua hili kwa hati mbili. Hati ya kawaida huandikwa kwa kiasi sanifu cha amri ya kazi, hapa 5,000 x 0.8 = kilo 4,000, si gramu zaidi. Msimamizi akihitaji zaidi, anajaza hati ya nyongeza yenye rangi tofauti, na lazima aandike sababu. Hati hiyo ya rangi ndiyo tofauti ya matumizi yenyewe, imekamatwa siku ile ile ilipotokea, na aliyeisababisha bado anakumbuka mashine gani ilileta shida.

Hati ya kawaida:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Kazi inayoendelea kiwandani (4,000 x 50) | 200,000 | |
| Malighafi | | 200,000 |

Hati ya nyongeza:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Tofauti ya matumizi ya malighafi (250 x 50) | 12,500 | |
| Malighafi | | 12,500 |

Hati ya kurudisha stoo:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Malighafi (50 x 50) | 2,500 | |
| Tofauti ya matumizi ya malighafi | | 2,500 |

Kilo zilizotumika ni 4,000 + 250 - 50 = 4,200. Tofauti ya matumizi ni (4,200 - 4,000) x 50 = 10,000, nayo ni mbaya. Leja inasema hivyo hivyo: 12,500 - 2,500.

Kama hujaweka utaratibu wa hati mbili, subiri ripoti ya uzalishaji kisha andika ingizo moja: debiti Kazi inayoendelea 200,000, debiti Tofauti ya matumizi 10,000, krediti Malighafi 210,000. Jibu ni lile lile. Binafsi naona njia ya hati mbili inalipa usumbufu wake, kwa sababu kwenye ingizo moja la mwisho wa mwezi huwezi kuona kwamba kilo 250 ziliombwa kwa siku moja.

Onyo. Usiandike hati ya nyongeza kwenye Kazi inayoendelea kwa nia ya kurekebisha baadaye. Akaunti hiyo ikishachanganya kilo za kiwango na kilo za ziada, kuzitenganisha kunahitaji kurudi kwenye kila hati.

## Hatua ya 4: Linganisha hati na bidhaa nzima zilizotoka

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye hatari iliyojificha.

Hati ya kawaida iliandikwa kwa ndoo zilizopangwa. Katika mfano wetu ndoo nzima ni 5,000 kama zilivyopangwa, kwa hiyo hakuna la kurekebisha. Lakini chukulia zingetoka ndoo nzima 4,900 tu, na 100 zikawa zimepasuka. Kilo sanifu zingekuwa 4,900 x 0.8 = 3,920, wala si 4,000. Tofauti ya kweli ya matumizi ingekuwa (4,200 - 3,920) x 50 = 14,000. Hati za nyongeza na za kurudisha zimekuonyesha 10,000 pekee.

Zile 4,000 nyingine ziko wapi? Zimekwama ndani ya Kazi inayoendelea. Uliiingizia 200,000 za malighafi, lakini ndoo 4,900 zikihamishiwa Bidhaa zilizokamilika kwa gharama sanifu zinaondoka na 196,000 za malighafi. Salio la 4,000 linabaki likijifanya ndoo ambazo hazijamalizika, wakati sakafu ya kiwanda imeshafagiwa.

Rekebisha hivi:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Tofauti ya matumizi ya malighafi (80 x 50) | 4,000 | |
| Kazi inayoendelea kiwandani | | 4,000 |

Hizo kilo 80 usiziite upotevu wa kawaida. Upotevu wa kawaida umeshalipiwa ndani ya kilo 0.8, kinachozidi hapo ni cha ziada, hata kama kiwandani wanasema kila mwezi iko hivyo. Kama kweli kila mwezi iko hivyo, kiwango ndicho kinachohitaji kupitiwa upya.

Utajua umefanikiwa ikiwa amri zote za kazi zimefungwa na sehemu ya malighafi kwenye Kazi inayoendelea imebaki sifuri. Kama kuna bidhaa zilizo nusu njia, salio lilingane na kilo sanifu zilizo ndani yake.

## Hatua ya 5: Kagua akaunti ya Malighafi dhidi ya stoo

Turudi kwenye mfano wetu wa ndoo 5,000. Akaunti ya Malighafi sasa inasomeka hivi: 300,000 ziliingia, 200,000 na 12,500 zikatoka, 2,500 zikarudi. Salio ni 90,000. Gawanya kwa 50 upate kilo 1,800.

Nenda stoo ukapime. Kilo 6,000 zilizopokelewa ukitoa 4,200 zilizotumika ni 1,800. Ukaguzi huu ndio sababu kubwa ya kuipenda njia hii: salio la fedha na mizani ya stoo vinapaswa kusema namba moja, kwa kugawanya mara moja tu.

Ukipima ukakuta 1,790, zile kilo 10 zisiende kwenye tofauti ya matumizi. Kiwanda hakijazigusa. Debiti akaunti ya upungufu wa stoo 500 na krediti Malighafi 500, kisha mtunza stoo aeleze. Kumbebesha msimamizi wa uzalishaji upungufu wa stoo ni kuharibu namba ambayo ulijitahidi kuitenga.

Kabla ya kupeleka ripoti, weka tofauti mbili kando kwa kando na uangalie tarehe. Kama hati ya nyongeza ya kilo 250 ilikuja baada ya mzigo wa 48 kuanza kutumika, uliza kuhusu ubora wake. Bei iliyotuokolea 2,000 huenda ndiyo iliyosababisha sehemu ya ile 10,000. Jarida limetenga tofauti kwa akaunti, lakini haliwezi kukuambia kama moja imezaa nyingine. Hilo linatoka kwa watu na hati.

## Hatua ya 6: Funga tofauti mwisho wa kipindi

Akaunti ya Tofauti ya bei ina salio la debiti 15,000 - 2,000 = 13,000. Hiyo ni ya kilo zote 6,000, lakini kilo 1,800 bado zipo stoo. Je, yote iende kwenye gharama ya mauzo?

Kama kiasi ni kidogo, wengi hufanya hivyo na hakuna atakayelalamika. Kama ni kikubwa, hapana. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali ghalani, IAS 2, aya ya 21, kinaruhusu gharama sanifu kwa urahisi wa kazi ikiwa matokeo yake yanakaribiana na gharama halisi, na kinataka viwango vipitiwe mara kwa mara. Mali iliyobaki kwa 50, wakati wastani wa bei halisi ni juu ya 52, huenda isikidhi sharti hilo.

Igawe kwa kilo:

```
Zilizobaki stoo:   13,000 x 1,800 / 6,000 = 3,900
Zilizotumika:      13,000 x 4,200 / 6,000 = 9,100
```

Ndoo zote zimeuzwa, kwa hiyo 9,100 nzima inaingia Gharama ya bidhaa zilizouzwa. Kama kungekuwa na ndoo zilizobaki ghalani au kiwandani, nazo zingepata fungu lao.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | 9,100 | |
| Marekebisho ya malighafi | 3,900 | |
| Tofauti ya bei ya malighafi | | 13,000 |

Tofauti ya matumizi haigawiwi stoo. Kilo ambazo hazijatoka stoo haziwezi kuwa zimetumika vibaya. Na upotevu usio wa kawaida, kwa IAS 2 aya ya 16, ni gharama ya kipindi, haubebwi ndani ya thamani ya mali.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | 10,000 | |
| Tofauti ya matumizi ya malighafi | | 10,000 |

Onyo. Zile 3,900 usiziweke ndani ya akaunti ya Malighafi yenyewe. Ukifanya hivyo salio litakuwa 93,900, ukigawanya kwa 50 utapata kilo 1,878, na ukaguzi wa hatua ya 5 utakuwa umekufa. Ziache kwenye Marekebisho ya malighafi, kisha kwenye taarifa ya hali ya kifedha ujumlishe akaunti hizo mbili: 90,000 + 3,900 = 93,900.

Siku ya kwanza ya kipindi kipya, geuza ile sehemu ya 3,900 ya ingizo la tofauti ya bei:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Tofauti ya bei ya malighafi | 3,900 | |
| Marekebisho ya malighafi | | 3,900 |

Sasa tofauti iliyobebwa na zile kilo 1,800 imerudi mahali pake, ikisubiri kugawanywa pamoja na ya mizigo mipya. Unapopeleka ripoti ya kipindi kipya kwa manunuzi, itenge hiyo 3,900 kwenye mstari wake, maana ni bei waliyokwisha kuulizwa tayari.